Ndoo ikikaribia mdomoni ndipo mota inakata: hesabu ya ngoma ya winchi

*Shikamoo fundi. Tuko machimboni Sekenke, duara letu lina mita 60. Winchi ni ya kuchomelea: ngoma ni bomba la nchi 6, upana milimita 150, waya wa milimita 8, mota ya kilowati 1.5 fezi tatu, giaboksi ya 40 kwa 1. Ndoo na mawe ni kama kilo 250. Kutoka chini inanyanyua vizuri kabisa, lakini tukishatoa ndoo tano sita, ovalodi inakata, na kila mara inakata ndoo ikiwa imeshapita nusu ya shimo. Fundi umeme anasema mota imechoka, tumeshaisuka mara mbili. Mbona chini, ambako waya ni mrefu na mzito, haikati? Tununue mota gani?*

Marahaba. Pesa ya mota iweke mfukoni kwanza. Mota iliyosukwa vibaya ingekusumbua popote, hata ndoo ikiwa mita mbili kutoka chini. Yako inachagua mahali, na mahali hapo panasema kitu kuhusu ngoma, si kuhusu mota.

Anza na spana. Nati ikigoma, unachomeka bomba kwenye mkia wa spana, mkono unakuwa mrefu, nati inaachia. Nguvu zako ni zilezile, ulichoongeza ni umbali kutoka kwenye nati hadi pale unaposhika. Kwenye winchi mambo ni hayohayo, ila aliyeshika mkia wa spana ni mzigo, na mota yako ndiyo nati. Urefu wa mkono ni umbali kutoka katikati ya shafti ya ngoma hadi katikati ya waya unaojikunja wakati huo. Ndoo ikiwa chini, karibu waya wote umeshuka shimoni na ule uliobaki unajikunja juu ya bomba tupu, kwa hiyo mkono ni mfupi. Kadiri ndoo inavyopanda, waya unapanda juu ya waya, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka ni kipande kingine cha bomba ambacho mzigo unachomeka kwenye spana yake.

Hesabu yake ni mistari mitatu tu. `R` ni nusu ya kipenyo cha bomba, `d` ni unene wa waya, `n` ni namba ya tabaka, `W` ni kilo zinazoning'inia, na `N` ni mizunguko ya ngoma kwa dakika.

```
r = R + d/2 + (n - 1) × d
T = W × 9.81 × r
v = 2 × 3.14 × r × N
```

Mstari wa kwanza unakupa mkono, wa pili nguvu ya kuzungusha inayohitajika kwenye ngoma, wa tatu mwendo wa waya. Weka vipimo vya mkono kwa mita, si milimita. Nimeona watu wazima wakipata majibu ya meli ya mizigo kwa sababu ya sifuri tatu.

Sasa tuingize winchi yako. Bomba la nchi 6 kwa nje lina milimita 168, kwa hiyo nusu yake ni 84. Tabaka la kwanza lina mkono wa milimita 88, yaani 84 jumlisha nusu ya waya. Kila tabaka linaongeza 8: la pili 96, la tatu 104, la nne 112, la tano 120, la sita 128. Kwa kweli waya ukijipanga vizuri, tabaka la juu hulala kwenye mifereji kati ya nyaya za chini na kuongeza karibu milimita 7 tu. Mimi nahesabu 8, kwa sababu kwenye ngoma laini isiyochongwa mifereji waya mara chache hujipanga kama kwenye picha, na kosa la upande huu halimuumizi mtu.

Utajuaje kama unafika tabaka la sita? Upana wa milimita 150 unapokea mizunguko 18 ya waya wa milimita 8 kwa kila tabaka. Tabaka la kwanza linameza karibu mita 10, la pili karibu 11, na kuendelea hivyo, kila moja likimeza kidogo zaidi kwa sababu duara lake ni kubwa zaidi. Naamini umeacha mizunguko mitatu kwenye ngoma hata ndoo ikigusa chini. Kama hujaacha, acha leo, maana kile kibano cha waya hakikuwekwa kubeba mzigo peke yake. Kinachobeba ni msuguano wa ile mizunguko mitatu. Ukianza na hiyo mitatu, tabaka la kwanza linakupandisha mita 8 tu. La pili linakufikisha mita 19, la tatu karibu mita 31, la nne 43 na nusu, la tano 57. Mita tano za mwisho, pamoja na zile mbili za juu ya mdomo unapomwaga mawe, ziko kwenye tabaka la sita.

Mita 31. Nusu ya shimo. Ikumbuke namba hiyo.

Twende kwenye mzigo. Swali lako kuhusu uzito wa waya ni zuri, na wengi hukwama hapo. Waya wa milimita 8 wa aina hizi zetu una karibu robo kilo kwa mita, kwa hiyo mita 60 ni kama kilo 15. Ndoo ikiwa chini mota inabeba kilo 265. Ikifika juu inabeba 250. Uzito umepungua kwa sehemu ndogo sana, hata asilimia 6 haijafika. Lakini mkono, katika safari hiyohiyo, umetoka milimita 88 hadi 128, yaani umeongezeka kwa asilimia 45. Waya unakupa kwa kijiko na ngoma inakunyang'anya kwa ndoo.

Kwa namba: chini, kilo 265 mara 9.81 ni kama nyutoni 2,600, mara 0.088, unapata nyutoni mita 229. Juu, kilo 250 ni nyutoni 2,453, mara 0.128, unapata 314. Ongeza asilimia 5 kwa ajili ya msuguano wa kapi la juu, na hapo nadhani kapi lako lina bushi na si beringi, basi ni 240 chini na 330 juu. Hiyo ndiyo nguvu ya kuzungusha ambayo ngoma inadai.

Mota inatoa ngapi? Kibati cha mota ya kilowati 1.5 ya aina hii kawaida kinaandika mizunguko 1,420 kwa dakika. Kuna hesabu moja ya kukariri:

```
T = 9550 × kW / rpm
```

Inakupa nyutoni mita 10 na chembe kwenye shafti ya mota. Giaboksi ya 40 ingezidisha mara 40 kama isingekula kitu, lakini za kwako ni zile za skrubu na gurudumu la shaba, na hizo zinakula. Nikipima za kwetu huku, zilizotumika kidogo na zenye oili safi, kwa uwiano wa 40 naipa asilimia 70, na sijawahi kujuta. Basi 10.1 mara 40 mara 0.7 ni nyutoni mita 282 kwenye ngoma.

Linganisha sasa. Chini ngoma inadai 240 na mota ina 282: inanyanyua vizuri kabisa, kama ulivyosema. Tabaka la tatu linadai 277, bado iko ndani, kwa shida. Tabaka la nne linadai 295. Hapo ndipo mota inavuka uwezo wake ulioandikwa kwenye kibati, na tabaka la nne linaanza mita 31 kutoka chini. Tabaka la tano ni 312, la sita 330, ambayo ni asilimia 17 juu ya uwezo.

Utauliza, mbona basi haikati kwenye ndoo ya kwanza? Kwa sababu mota ya fezi tatu haizimiki kwa kuzidishiwa asilimia 17. Inanguruma, inavuta ampia zaidi, inavuta mzigo na kupata joto. Ovalodi nayo inapima joto, haipimi hasira. Safari yako nzima kwenda juu ni mizunguko kama 93 ya ngoma, na ngoma inazunguka mara 35 na nusu kwa dakika, kwa hiyo ni dakika mbili na sekunde 37. Katika hizo, sekunde 71 za mwisho mota iko juu ya uwezo. Ndoo ikishuka tupu inapumzika kidogo, lakini haipoi yote. Ndoo ya pili inaikuta na joto la kwanza, ya tatu na joto la pili. Ikifika ya tano au sita, na boksi la swichi ni la bati lililokaa juani, ovalodi inakata. Itakata wapi? Palepale joto linapoongezwa, kuanzia katikati kwenda juu.

Na kama umeme wenu ni wa mwisho wa laini, ongeza shida nyingine. Volti zikishuka kutoka 400 hadi 360, ampia zinapanda kwa karibu asilimia 11 kwa mzigo uleule, na uwezo wa mota wa kuanza na mzigo unashuka hadi kama asilimia 81 ya ule wa kawaida, kwa sababu unafuata volti mara volti. Ndiyo maana ukisimamisha ndoo mita kumi kutoka juu halafu ukawasha tena, mota inalia bila kuzunguka, wakati kutoka chini inaanza bila neno.

Haya yote usiyaamini kwa sababu mimi nimeandika. Yapime. Chukua rangi nyeupe, weka alama kwenye waya kila mita kumi. Simama karibu na ngoma na saa ya simu, hesabu sekunde kati ya alama mbili za kwanza ndoo inapoanza kupanda, kisha alama mbili za mwisho. Kwa hesabu, waya kwenye tabaka la kwanza unakwenda karibu mita 19.6 kwa dakika, kwa hiyo mita kumi zichukue sekunde 30 ukiwa bado kwenye tabaka hilo, na kidogo pungufu ukigusa la pili. Juu kabisa waya unakwenda mita 28 na nusu kwa dakika, na mita kumi, nyingi zikiwa za tabaka la tano, zitachukua sekunde 21 hadi 22. Mota haijaongeza mzunguko hata mmoja. Mwendo umeongezeka kwa sababu kila mzunguko wa ngoma sasa unameza waya mrefu zaidi.

Kama ukipata sekunde zinazofanana chini na juu, hesabu yangu haikuhusu, na tafuta tatizo kwingine: breki inayokwaruza, fezi moja dhaifu, kapi lililokauka grisi. Lakini mtu wa kwenye swichi anajua tayari kwamba ndoo inakuja mbio juu kuliko inavyoondoka chini, muulize. Hapo pia kuna hatari ambayo haizungumzwi: ndoo ina mwendo mkubwa kuliko wote pale ambapo umbali wa kusimama ni mdogo kuliko wote, chini ya kapi. Weka swichi ya kukata mwisho wa safari, iguswe na ndoo mita moja na nusu kabla ya kapi.

Kipimo cha pili ni cha ngoma yenyewe. Ndoo ikiwa juu, imefungwa kwa mnyororo, winchi imezimwa na swichi kuu imetolewa, zungusha uzi kwenye tabaka la juu, upime kwa tepu. Gawa kwa 6.28, toa nusu ya unene wa waya, ndio mkono wako halisi. Kwa tabaka sita safi uzi uwe kama milimita 829. Ukikuta 900, usishangae. Waya usiposambaa huwa unarundikana katikati kama kichuguu, pembeni kuna tabaka nne na katikati nane, na mzigo haujali wastani, unavuta kutoka pale waya ulipo. Nilishakuta winchi inayokata kila siku ndoo ikiwa sehemu ileile, na mafundi watatu walishaibadilishia kontakta. Kilichokuwapo ni kichuguu. Waya ulikuwa unaparamia kilele, unadondoka kwa kishindo pembeni, mota inashtuka.

Nikitoka kidogo nje ya shimo: walio na winchi mbele ya gari wanaona jambo hilihili likiwa limegeuzwa. Gari likizama kwenye tope la mbuga kule Bahi wakati wa mvua, dereva anavuta mita tano tu za waya, anafunga kwenye mti wa karibu, winchi inashindwa, anaitukana. Nguvu iliyoandikwa kwenye kibati cha winchi ya gari ni ya tabaka la kwanza. Ngoma ikiwa imejaa waya, ile nguvu haipo. Atafute mti wa mbali, atoe waya hadi ubaki wa tabaka la kwanza, na winchi ileile itavuta. Wewe huna hiari hiyo, kwa sababu shimo lako linaamua waya uwe wapi.

Sasa dawa.

Ya kesho asubuhi, isiyo na gharama, ni kupunguza mawe. Tabaka la sita ndilo linaloamua, kwa hiyo gawa 282 kwa 0.128 na kwa 1.05, unapata nyutoni 2,098, yaani kilo 214 pamoja na ndoo. Kama ndoo tupu ina kilo 30, mawe yawe kilo 180, si 220. Najua wenzako watanuna. Lakini ndoo ya kilo 180 inayotoka siku nzima ni zaidi ya ya kilo 220 inayosimama robo saa kila baada ya safari tano ikingoja ovalodi ipoe. Na tafadhali msiipandishe ovalodi ampia. Nimeona kidole kikienda kwenye ile skrubu nyekundu mara nyingi, na mota zilizosukwa mara mbili mara nyingi zimepitia hapo.

Ya kudumu ni kupunguza matabaka. Watu wengi hapa hukimbilia bomba kubwa, nchi 8 au 10, wakifikiri ngoma pana itakunja waya mara chache. Itakunja mara chache kweli, lakini utakuwa umeurefusha mkono tangu tabaka la kwanza. Unachotaka ni ngoma ndefu, si ngoma nene. Bomba lilelile la nchi 6, badala ya milimita 150 kati ya sahani lipe 250. Kila tabaka litapokea mizunguko 30, mita 62 zote zitaishia kwenye tabaka la nne, mkono wa juu utakuwa milimita 112 badala ya 128, na ngoma itadai 288 badala ya 330.

Kwa nini nisikwambie 400, uishie tabaka la tatu? Kwa sababu ya kapi. Waya unaotoka ukingoni mwa ngoma unakwenda kwenye kapi kwa upande, na kwa ngoma laini nisingependa upinde zaidi ya digrii moja na nusu. Zaidi ya hapo unasugua ukingo wa kapi na hautaki kujipanga, unarudi kujenga kichuguu. Kwa digrii hiyo, umbali wa ngoma hadi kapi uwe nusu ya upana mara 38. Ngoma ya 150 inataka mita 2.9, ya 250 inataka karibu mita 4.8, ya 400 inataka mita 7.6. Duara nyingi nilizopita winchi ziko mita tatu kutoka mdomoni. Kurudisha msingi hadi mita tano, kati ya marundo ya viroba, kunawezekana. Mita nane ni kumwomba jirani kiwanja.

Ngoma ya 250 peke yake bado inakuacha na 288 dhidi ya 282. Ongeza giaboksi ya 50 badala ya 40. Kwa uwiano huo msuguano unapanda kidogo, niupe ufanisi wa asilimia 68, na mota yako ya sasa itatoa nyutoni mita 343. Unabaki na akiba ya asilimia 19, ambayo si anasa. Ndiyo ya siku volti zinaposhuka na ya kuanza ndoo ikiwa katikati. Unalipa kwa muda: safari itakuwa dakika tatu na nusu badala ya mbili na sekunde 37. Mimi ningechagua hii.

Na mota kubwa? Ya kilowati 2.2 kwenye giaboksi yako itatoa kama nyutoni mita 408, na kwa hesabu ya ngoma inatosha bila kugusa kitu kingine na bila kupunguza mwendo. Kwa hiyo fundi wako hajakosea kwa asilimia mia. Ila ile nguvu inapita kwenye gurudumu la shaba la giaboksi, na kibati cha giaboksi kina namba yake ya mwisho. Ndoo ikinasa kwenye mbao za ukuta wa duara, mota ya fezi tatu inaweza kutoa zaidi ya mara mbili ya nguvu yake ya kawaida kwa sekunde chache, na kitakachokatika ni kile kilicho dhaifu. Mota ndogo inakata umeme. Mota kubwa inakata meno, na meno yakikatika ndoo inarudi chini.

Hapo ndipo ninapotaka uangalie breki kabla ya chochote. Miaka ya nyuma nilitengeneza winchi ya wachimba visima. Nilijaribu breki karakanani: mizunguko michache kwenye ngoma, kilo 200 zinaning'inia kwenye boriti, breki ikashika kama imechomelewa. Nikaipeleka. Siku ya tatu nikapigiwa simu kwamba mzigo unashuka wenyewe. Nilipofika niliwaambia waupandishe hadi juu, nikachora mstari wa chaki kutoka kwenye ngoma hadi kwenye fremu, breki ikafungwa. Chaki ikaachana unene wa kidole. Ikatulia. Kisha kiganja kizima, pamoja na harufu ya lainingi iliyoungua. Kilo zilikuwa zilezile mia mbili. Nilichosahau ni kwamba karakanani nilijaribu tabaka la kwanza na kule walikuwa kwenye la tano. Breki yangu ilikuwa na nguvu ya mkono mfupi tu. Hakuna aliyekuwa chini siku ile, namshukuru Mungu, na tangu hapo sijaribu breki bila ngoma kujaa.

Kwako, kilo 250 kwenye tabaka la kwanza zinataka breki ya nyutoni mita 216 kwenye ngoma. Kwenye la sita zinataka 314. Breki ya 250 itakudanganya kwa mita 19 za kwanza, kisha iachie. Mimi hudai mara moja na nusu ya ile ya juu, yaani karibu 470. Msuguano wa kapi hapa usiuhesabu kama msaada. Wala usitegemee kwamba giaboksi ya skrubu hairudi nyuma. Nyingi za uwiano wa 40 hazirudi zikiwa mpya na zimetulia, lakini oili ikipata joto na fremu ikitetemeka, zinarudi polepole. Jaribu hivi: watu wote watoke shimoni, funika mdomo kwa mbao nene, pandisha kilo 310 hadi tabaka la juu kabisa huku ukiwa na mnyororo wa akiba uliolegea, funga breki, chora chaki, ngoja dakika kumi. Mstari ukihama hata kwa unene wa chaki yenyewe, breki haitoshi. Kwa kuwa mota yako haiwezi kupandisha kilo 310 hadi hapo bila kulia, pandisha ndoo tupu kwanza hadi juu, iwekee mbao, kisha ijaze mawe palepale na uondoe mbao taratibu ukiwa umeshika kwa breki.

Na ukishapanua ngoma, angalia sahani za pembeni. Ziwe zimezidi tabaka la juu kwa angalau unene wa waya mbili. Kwa matabaka manne, kipenyo cha sahani kisipungue milimita 265. Kwa sita ulizonazo sasa kinatakiwa 296. Kama sahani zako ni zile za bamba lililobaki kwenye tenki, zenye 270, basi kwa sasa waya wako umebakiza unene wa waya usiozidi nusu kabla ya kuruka nje ya ngoma. Hilo lipime leo, mota itangoja.

Kabla hujanunua giaboksi ya 50, niandikie namba mbili zilizo kwenye kibati cha hiyo uliyonayo: nguvu ya mwisho ya kutoka kwa nyutoni mita, na kipenyo cha shafti. Kibati kikiwa kimepakwa rangi, kisugue kwa dizeli na kitambaa, usitumie msasa, utafuta maandishi.